Transfoma mbili, fezi tatu: kutafuta hitilafu kwenye delta wazi

Fundi aliyejifunzia kazi kwetu amezoea fezi tatu zinazotoka kwenye transfoma moja kubwa: volti 400 kati ya fezi na fezi, 230 kati ya fezi na nyutro. Akija Marekani kufanya kazi mashambani au pembezoni mwa miji midogo, siku moja atasimama chini ya nguzo yenye mapipa mawili tu, moja kubwa na moja dogo, huku mota ya fezi tatu ikizunguka vizuri ndani ya gereji. Atadhani pipa la tatu limeibiwa. Halikuibiwa. Hiyo ndiyo delta wazi: transfoma mbili za fezi moja zilizofungwa pande mbili za pembetatu, na upande wa tatu ukaachwa bila koili.

Mashirika ya umeme ya vijijini huku bado yanaifunga kwa sababu ni nafuu pale mzigo wa fezi tatu unapokuwa mdogo: pampu ya kumwagilia shamba, pampu ya majitaka, kiwanda kidogo cha mbao, gereji. Laini inayofika pale inahitaji fezi mbili tu na nyutro, si fezi tatu zote. Nimekutana nayo mara nyingi, na malalamiko ya wateja ni yale yale. Nimeyapanga hapa kwa dalili, nikianza na sababu inayotokea sana.

Kwanza hakikisha ni delta wazi

Hesabu mapipa. Kwa kawaida lile kubwa ni la taa: koili yake ya upande wa chini ina tapu katikati, na tapu hiyo ndiyo nyutro. Lile dogo ni la nguvu, lipo kwa ajili ya fezi tatu tu. Kisha fungua paneli na upime kwa multimita ya CAT III, volti 600. Nikiita A na C ncha za transfoma ya taa, na B ncha ya nje ya transfoma ya nguvu inayoungana na C, mfumo mzima wenye afya husoma hivi:

```
A–C  240 V      A–N  120 V
B–C  240 V      C–N  120 V
A–B  240 V      B–N  208 V
```

Tazama A–B. Hakuna koili kati yake, lakini 240 ipo, kwa sababu volti za koili mbili zilizopishana kwa nyuzi 120 zinapojumlishwa hutoa ya tatu. Ile 208 kati ya B na nyutro si hitilafu. Ni 120 mara 1.732, nayo ndiyo chanzo cha ajali nyingi nitakazozieleza.

Kuna mpaka mmoja wa kushika kabla hujaendelea. Vyote vilivyo kabla ya mita, yaani nguzo, fyuzi za juu, mapipa na viungo vyake, ni vya shirika la umeme. Upande wa juu wa mapipa hayo mara nyingi una volti 7,200. Hata kama una ngazi na una ujasiri, huna ruhusa wala vifaa vya kuugusa.

Dalili: fyuzi ya pipa dogo inakatika, ilhali jumla ya mzigo haijafika

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi, na linamchanganya hata fundi mzuri, kwa hiyo nalieleza kwa kituo.

Mzee mmoja mwenye gereji, mwenzetu kutoka Lubumbashi, aliniita fyuzi ilipokatika kwa mara ya tatu katika mwezi mmoja. Kila mara shirika lilikuja, likarudisha, likaondoka. Alikuwa ameandika namba za mapipa kwenye kipande cha katoni: 25 na 10. "Ndugu fundi," aliniambia, "hapo juu nina kVA 35. Mashine zangu zote za fezi tatu hazifiki 21. Mbona fyuzi inakufa?"

Hesabu yake ya mzigo ilikuwa sahihi. Alikuwa na mota ya lifti ya magari ya hp 10, inayochukua ampea 28 kwa volti 230, na miezi michache kabla aliongeza kompresa ya hp 7.5 inayochukua 22. Mashine zote mbili zikifanya kazi pamoja ni ampea 50, na 50 mara 240 mara 1.732 ni kama kVA 20.8. Alipokosea ni kujumlisha 25 na 10.

Kwenye delta iliyofungwa yenye transfoma tatu, mkondo wa kila waya wa laini unapofika kwenye kona hugawanyika kati ya koili mbili, na kila koili hubeba laini ikigawanywa kwa 1.732. Kwenye delta wazi waya A na waya B havina pa kugawana. Mkondo wote wa waya B unapita kwenye koili moja tu, ya pipa dogo. Pipa la kVA 10 kwa volti 240 linabeba ampea 41.7. Hizo 41.7 ndizo mwisho wa fezi tatu za gereji nzima, hata kama pipa la pili lingekuwa la 100. Ukizigeuza kuwa kVA ya fezi tatu unapata 17.3. Mzee alikuwa akivuta ampea 50, yaani asilimia 120 ya pipa dogo, huku pipa kubwa likiwa na nafasi.

Nilimwomba awashe mashine zote mbili, nikaweka klampu mita kwenye waya B ndani ya paneli. Ilisoma 49. Nilimwonyesha namba ile, kisha nikamwonyesha 10 kwenye katoni yake, na akaelewa kabla sijamaliza kueleza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni klampu kwenye waya B, mashine zote zikiwa kazini. Gawanya kVA ya pipa dogo kwa 0.24 upate ampea zake. Kama mkondo wa B unazidi hapo, umepata jibu.

Sababu ya pili ni mtu aliyefunga kifaa cha fezi moja cha volti 240, kama hita au mashine ya kuchomelea, kwenye B–C au A–B kwa sababu aliona nafasi ya breka iko wazi. Kifaa hicho kinakula nafasi ya pipa dogo, ambalo halikuwekwa kwa kazi hiyo. Zima mashine za fezi tatu uone kama waya B bado una mkondo. Ukiwa nao, fuata breka moja moja, na ukikipata kifaa hicho kihamishie A–C.

Sababu ya tatu, adimu zaidi, ni delta iliyokuwa imefungwa. Palikuwa na mapipa matatu, moja likaungua, na shirika likaliondoa ili mteja asikae gizani. Huu ni uzuri wa kweli wa delta, kwamba inaweza kuendelea ikiwa na mbili, lakini uwezo unashuka kuliko watu wanavyodhani. Mapipa matatu ya 25 ni kVA 75. Ukiondoa moja, mtu husema zimebaki 50. Zimebaki 43.3. Hiyo ni asilimia 57.7 ya uwezo wa mwanzo, au asilimia 86.6 ya mapipa mawili yaliyobaki, na laini inayoweza kuchukuliwa imeshuka kutoka ampea 180 hadi 104. Zima baadhi ya mashine mpaka pipa la tatu lirudi, na mwambie mteja asiziwashe zote kwa wakati mmoja. Kuweka fyuzi kubwa zaidi si tiba. Fyuzi kubwa itakaa, na koili itaungua badala yake.

Kwa mzee wa gereji sikufanya lolote juu ya nguzo. Nilimwandikia mzigo wake kwa ukurasa mmoja, ampea za kila mashine na kipimo cha waya B, akaupeleka kwa shirika. Waliondoa pipa la 10 wakatundika la 15. La 15 linabeba ampea 62.5, na 50 zikakaa ndani yake kwa raha. Pipa la taa tulilikagua pia. Taa na hita zake za fezi moja zilikuwa ampea 42, na hata ukizijumlisha na 50 bila kujali pembe za mikondo unapata 92, chini ya 104 za pipa la 25.

Inayofanana na hitilafu lakini si hitilafu

Kuna fundi atakayepima wati za kila transfoma, aone moja inatoa kama mara mbili na nusu ya mwenzake, na aanze kutafuta shoti. Aache. Mota zenye pawa fakta ya 0.8 zikivuta kVA 12 kutoka kila pipa, pipa moja hutoa kama kW 11.9 na jingine kama kW 4.7. Ampea ni zile zile. Tofauti iko kwenye pembe: koili moja hufanya kazi nyuzi 30 mbele ya pembe ya mzigo, nyingine nyuzi 30 nyuma yake. Hii ndiyo asili ya delta wazi. Cha kulinganisha na namba iliyoandikwa kwenye pipa ni ampea, si wati.

Dalili: mota inachemka na ovalodi inakata, ingawa mzigo wake haujabadilika

Hapa tatizo karibu kila mara ni volti tatu zisizolingana. Delta wazi huwa na kasoro hii hata ikiwa mpya, kwa sababu upande ulio wazi hupata volti yake kupitia koili zote mbili, nao hushuka zaidi mzigo ukipanda. Mota haivumilii hilo. Volti zikitofautiana kwa asilimia moja, ampea zake zinaweza kutofautiana kwa asilimia 6 hadi 10.

Pima mota ikiwa kazini, kwenye vituo vyake si kwenye paneli. Tuseme umepata A–C 236, B–C 240, A–B 228. Wastani ni 234.7. Iliyo mbali zaidi na wastani ni 228, tofauti 6.7, na 6.7 kwa 234.7 ni asilimia 2.8. Kanuni inayotumika ni kuipiga asilimia hiyo kwa yenyewe, kisha mara mbili: joto la koili za mota linapanda kwa asilimia 16 hivi. Mota iliyokuwa ikibeba mzigo wake wote haitadumu hivyo. Ikizidi asilimia 5, izime. Hiyo siyo hali ya kuendeshea mota.

Kinachosababisha mara nyingi ni kiungo kilicholegea au kutu kwenye breka au kontakta, wala si transfoma. Pima volti kati ya juu na chini ya kila pole ya breka mzigo ukiwa umewashwa. Pole tatu zinapaswa kufanana, kila moja ikisoma kiasi kidogo sana. Ile inayosoma mara kadhaa zaidi ya wenzake ndiyo inayokula volti yako. Zima, hakikisha hakuna umeme, safisha na ukaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye breka.

Viungo vikiwa sawa, tafuta kama ubaya unatoka kwenye umeme au kwenye mota yenyewe. Andika ampea za nyaya tatu. Zima, kisha zungusha nyaya za mota zote tatu hatua moja: iliyokuwa A iende B, ya B iende C, ya C iende A. Mwelekeo wa mota haubadiliki. Washa upime tena. Ampea kubwa ikibaki kwenye waya ule ule wa laini, umeme ndio wenye kasoro. Ikihama pamoja na waya wa mota, mota ndiyo mgonjwa. Mtihani huu huchukua dakika kumi na umeokoa mota nyingi zilizokuwa zinakwenda kusukwa upya bure.

Kama ni umeme, angalia mzigo wa fezi moja. Taa na soketi zikijaa upande wa A–N kuliko C–N, sawazisha. Zikiwa nyingi pande zote mbili, pipa la taa limeelemewa na A–C inashuka. Hapo kilichobaki ni shirika kuongeza pipa la taa au kufunga delta kwa kuleta la tatu, na kwa hilo la mwisho laini itahitaji fezi ya tatu kama haipo.

Dalili: taa za 120 zinapasuka au chaja zinafuka moshi baada ya kazi kwenye paneli

Zima breka hiyo sasa hivi, halafu endelea kusoma.

Mtu ameweka breka ya pole moja kwenye waya B. Kwenye paneli ya kawaida ya nyumbani kila pole hutoa 120, naye akadhani hapa ni vivyo hivyo. Amekipa kifaa cha volti 120 volti 208. Kanuni za umeme za Marekani zinataka waya huu uwe wa rangi ya chungwa na, kwenye paneli, ukae nafasi ya katikati. Lakini paneli za zamani hazina rangi hiyo, na kwenye mita waya huo huweza kukaa nafasi nyingine, kwa hiyo usiamini rangi. Pima kila pole hadi nyutro. Inayosoma 208 ndiyo yenyewe.

Ukiitambua, iweke alama ya chungwa kote inapoonekana, uondoe breka za pole moja zilizo juu yake na uzibe nafasi. Kagua pia breka za pole mbili zinazogusa B. Zilizoandikwa 120/240 haziruhusiwi hapo, kwa sababu waya mmoja una 208 hadi ardhini. Zinahitajika zilizoandikwa 240 peke yake.

Dalili: mota inanguruma bila kuzunguka

Zima mota mara moja. Ikiendelea kunguruma kwa dakika chache koili huungua.

Pima A–C, B–C na A–B mota ikiwa imezimwa. Kama taa ziko sawa na B–C haina volti ya maana, transfoma ya nguvu imepoteza fyuzi yake ya juu. Kama taa ni hafifu au zimezimika, ni ya taa. Kama A–C na B–C zipo lakini zimeshuka, na A–B imekaribia sifuri, huenda nyutro ya juu ya nguzo imekatika, na mapipa mawili yanagawana volti kwa mfululizo. Hali hii ya mwisho ni hatari sana, kwa sababu nyutro hiyo ndiyo inayobeba mkondo mkubwa kuliko wa fezi yoyote kati ya hizo mbili. Usiikaribie nguzo wala waya wake wa ardhi.

Katika zote tatu, angalia kwanza kwamba breka kuu na fyuzi zako ziko nzima. Zikiwa nzima, ishia hapo na upige simu kwa shirika. Usiache mota ikizunguka huku ukiwasubiri. Mota iliyokwishaanza inaweza kurudisha volti kwenye pipa lililopoteza fyuzi, na pipa likazipandisha hadi maelfu upande wa juu, mahali ambapo fundi wa laini anatarajia pamekufa. Zima breka kuu kabla hawajafika na uwaambie umeizima.

Dalili: baada ya transfoma kubadilishwa, volti moja ni kama 416

Polariti ya pipa jipya imegeuzwa. Koili moja ikiunganishwa kinyume, ule upande wazi haupati 240 bali 240 mara 1.732. Ndiyo maana baada ya kazi yoyote ya nguzo napima jozi zote tatu kabla ya kuruhusu breka moja kuwashwa, na nampa mteja sharti hilo kwa maandishi. Ukipata 416 usiwashe kitu. Wapigie waliofunga.

Kama volti ni 240 zote lakini mota inazunguka kinyume, mpangilio wa fezi umebadilika. Pampu itatoa maji kidogo, kompresa nyingine huharibika kabisa. Kama kila mota imegeuka, badilisha nyaya mbili kwenye sehemu moja kuu, ila B ibaki kwenye nafasi yake ya katikati: badilisha A na C.

Kwa walio nyumbani Afrika Mashariki

Hutaiona sana kwenye nguzo, lakini inaweza kuwemo ndani ya kabati za kupimia za kilovolti 11: transfoma ndogo mbili za kupimia volti, zilizofungwa kwa delta wazi, zikitoa volti 110 tatu kwa mita. Uwezo wake si tatizo, kwa kuwa mita haili kitu. Tatizo ni fyuzi. Ikikatika ile ya fezi ya katikati, ambayo transfoma zote mbili zinaitumia, hizo mbili hubaki mfululizo kati ya fezi za pembeni, na badala ya 110 mbili unasoma 55 na 55, huku ya tatu ikibaki 110. Mita itaendelea kuzunguka na kuandika pungufu, pengine kwa miezi. Anayesoma mita akiona 55, asiandike tu na kuondoka. Aite wenye idhini ya kufungua kabati ile, na sili isikatwe na mtu mwingine.